Ng'ombe Aliyekataa Kufuatwa

Nilifika Tseikuru nikiwa na shahada ya uhandisi, begi la betri, na daftari lenye orodha ya mambo arobaini na moja yanayoweza kuharibika. Mwenzangu, dada niliyemaliza naye chuo, aliisoma orodha hiyo tukiwa bado njiani, akaniuliza mbona sikuandika kimondo kuanguka. Nikaandika.

Kazi yetu ilikuwa kujaribu droni inayomfuata mnyama bila mtu kuiendesha, ili kikundi cha wafugaji kijue mifugo hupitia wapi kutafuta malisho. Kamera inamtazama mnyama, programu niliyoiandika inamchorea kisanduku kwenye picha, kisha inaiamuru droni iende upande gani na kwa kasi gani ili kisanduku kibaki katikati. Mwenzangu hushika rimoti, tayari kuingilia kati mambo yakienda kombo. Kibali tulikuwa nacho. Usingizi ndio sikuwa nao. Mama yangu, kule Nunguni, alikuwa akiniombea na kina mama wa kanisa lake, na aliniambia kwamba betri wanaziombea sala ya peke yake.

Siku ya tatu alitujia mama mmoja wa kikundi hicho, pale penye josho la kuogeshea mifugo tulipokuwa tumeweka meza yetu. Ng'ombe wake, wa pekee aliyebaki baada ya ukame, alikuwa amezaa porini siku mbili nyuma na kumficha ndama. Majirani walisema fisi wameshamla. Yeye alikataa. Siku zote mbili ng'ombe alitoroka kundi la kijiji akiwa na kiwele kilichojaa, akarudi kimenywea. Ndama alikuwa hai mahali fulani, ila mtu akimfuata mama yake, ng'ombe husimama na kula majani kana kwamba hana mtoto duniani. Na fisi hawangengoja wiki iishe.

"Hiyo nyuki yenu," akauliza, "inaweza kumfuata mtu mwerevu?"

Nilimweleza mambo sita yanayoweza kutuzuia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia mwenzangu na kumwuliza kama mimi huwa hivi kila siku.

Asubuhi iliyofuata ng'ombe aliaga kundi taratibu, kama mtu anayetoka kanisani kabla ya sadaka. Tukarusha droni. Kisanduku kilimshika vizuri, lakini hakikutulia. Mkia ulipozunguka kilitanuka, majani yalipopita mbele kilirukaruka, na programu yangu ilitii kila mruko: kaza, funga breki, kaza tena. Kamera yetu ilikuwa imefungwa moja kwa moja kwenye mwili wa droni, hivyo kila droni ilipoinama ili iongeze kasi, ng'ombe alionekana kuhama kwenye picha hata kama amesimama, nayo programu ikamkimbilia huko alikohamia kwa uongo. Kule juu injini zililia kwa kupanda na kushuka. Ng'ombe akainua kichwa, akaitazama droni, kisha akalala chini na kuanza kucheua.

"Hata mwizi wa kuku anatembea vizuri kuliko hiyo," alisema yule mama.

Nilitaka ardhi inimeze. Kichwani nilikuwa nimeshamzika ndama, nimeshafukuzwa kazi, na nimeshamweleza mama yangu. Kumbe yule mama alikuwa bado anaongea. Alikuwa akinionyesha kwa miguu yake namna ya kumchunga ng'ombe mwenye wasiwasi. Ng'ombe wake wa kuwazia aliposimama, yeye hakusimama. Alipunguza mwendo kidogo kidogo, akapita kando kama mtu mwenye safari yake.

"Ukisimama ghafla, anajua ni yeye unayemfuata," akasema. "Na akiingia kichakani usikimbie. Atatokea upande aliokuwa akielekea. Wewe endelea tu."

Niliketi chini ya turubai mchana kutwa na kompyuta mapajani. Kwanza niliondoa mwinamo wa droni kwenye hesabu, ili programu ijue ni nani aliyesogea, ng'ombe au kamera. Kisha nikaifundisha kukadiria mwendo wa ng'ombe mwenyewe na kwenda naye sambamba, badala ya kukimbiza kila kosa la kisanduku. Makosa madogo karibu na katikati ya picha niliyapuuza kabisa. Nikaweka pia kikomo, kasi isiweze kupanda wala kushuka kwa ghafla. Mwisho nikaandika kwamba kisanduku kikipotea, droni isifunge breki: iendelee na mwendo wa mwisho huku ikipunguza polepole, imtafute pale anapotarajiwa kutokea tu, na ikatae chochote kinachofanana naye kikitokea mbali na hapo.

Ilibidi tujaribu. Mwenzangu alijifunga blanketi la kahawia, akanikabidhi rimoti, akapita uwanjani na nyuma ya miti huku wafugaji waliokuja kuogesha mbuzi wakimpigia miluzi ile ya kunywesha ng'ombe maji. Alisema nikimtajia mtu yeyote tuliyesoma naye ataivunja droni kwa mikono yake. Lakini sauti ya injini ilikuwa imebadilika. Ilikuwa mlio mmoja tu, hata alipokatiza kona.

Kulipokucha tena ng'ombe aliondoka. Tuliipandisha droni juu zaidi ya jana, tukaiweka nyuma yake na pembeni, upepo ukitoka kwake kuelekea droni. Alisimama mara moja na kusikiliza. Droni ikapunguza mwendo, ikapita kidogo, ikatulia. Akashusha kichwa na kuendelea.

Kisha akaingia kwenye miiba minene na kisanduku kikapotea.

Nilihesabu sekunde kwa sauti bila kujua. Upande wa kushoto wa kioo cha kompyuta alitokea ng'ombe mwingine wa kahawia, wa jirani, akitembea bila haraka kuelekea kusikofaa. Jana programu ingemrukia. Mkono wangu ulinyooka kuelekea rimoti.

"Acha," mwenzangu alisema, akiigeuzia upande wake. "Uliiandika wewe. Iache."

Droni haikumgusa yule mgeni. Ilielea mbele, polepole zaidi na zaidi, na upande wa pili wa miiba, mahali pale pale ilipokuwa ikitazama, ikatokea pua, kisha pembe moja iliyopinda. Kisanduku kikamkumbatia. Yule mama alinipiga bega kwa nguvu kiasi cha kuniyumbisha.

Betri ilikuwa imebaki chini ya nusu ng'ombe aliposimama kando ya mti ulioanguka. Droni ikapunguza, ikatulia juu kama iliyotundikwa. Majani yakatikisika. Kitu kidogo cha kahawia kilijiinua kwa miguu ya nyuma kwanza, kikayumba, kikasukuma kichwa chini ya kiwele.

Yule mama aliweka kidole kwenye kioo, juu ya ndama, akakiacha hapo mpaka mwenzangu alipomkumbusha kwamba tunahitaji kuona njia. Ndipo akacheka. Aliwaita wote waliokuwa joshoni waje kumtazama fisi wao, na mmoja baada ya mwingine wakaja, wakainama mbele ya kioo, wakakiri kwamba ndama yu hai.

Tulirudisha droni na kwenda kwa miguu, tukifuata alama ya mahali ilipotuonyesha. Alikuwa dume, mwenye doa jeupe usoni, na hakuna jino lililokuwa limemgusa. Mama yule alimbeba mabegani, mkono huu miguu ya mbele, mkono huu ya nyuma, naye ng'ombe akamfuata akilalamika njia nzima.

Simu iliita tukiwa njiani. Alikuwa mama yangu, akiuliza kama droni imeanguka.

"Imepata ndama," nilimwambia.

Nikamsikia akiwatangazia wenzake, na vigelegele vya Nunguni vikalia sikioni mwangu katikati ya miiba ya Tseikuru. Yule mama aliyetangulia na ndama aligeuka kuangalia kelele ni za nini.

"Injinia," alisema, "mwambie huyo mtu apunguze sauti. Ng'ombe wangu anashtuka."

Nikapunguza, kidogo kidogo.