Damu Isiyoganda

Wiki iliyopita fundi alikuwa anapaka chokaa chumba changu cha uani hapa Bweri. Alipoimwagia maji, harufu ikapanda ikaniingia puani, nikaacha chai mezani nikatoka nje. Mke wangu akadhani ni kifua. Nikamwachia adhani hivyo. Kwangu mimi chokaa hainuki ukuta, inanuka ng'ombe.

Nilikulia Bugwema kwa babu mzaa baba, mzee mwenye ng'ombe wengi kiasi kwamba wakishuka kunywa maji ziwa lilipungua, na wavuvi wa Kisorya walibaki na mitumbwi juu ya matope. Lakini macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Aliona mwanga na vivuli, basi. Ndiyo maana akaniteua mimi, nikiwa bado na pengo la meno ya mbele, niwe macho yake. Kwa utani wa kwetu bibi ni mke wa mjukuu, kwa hiyo babu aliniita mume mwenza, na kila alfajiri alinigonga mguu kwa fimbo: "Amka, mume mwenza. Wagonjwa wanakusubiri."

Tulisimama mlangoni mwa zizi kabla ya kulifungua. Hapo ndipo darasa lilipokuwa.

"Usiniambie unachofikiria," alisema. "Unafikiriaga nini wewe? Niambie unachoona."

Nikaanza na pua. Ng'ombe mzima pua yake inatoa jasho, inameta kama mtungi wa maji. Ikikauka, kuna homa. Halafu nani anacheua na nani ametulia tu. Ng'ombe asiyecheua, babu alisema, ameacha kuwaza kesho. Halafu manyoya, yamelala au yamesimama. Halafu nilipita katikati yao nikiwagusa shina la sikio kupima joto, nikashuka chini ya sikio kutafuta tezi, nikamalizia na ile ya mbele ya bega. Ikivimba kama yai la kanga, hiyo ni ndigana, na kupe aliyeileta utamkuta sikioni ameshiba. Nilifunua kope kuona kama ndani ni pekundu au pamepauka. Kinyesi nilikisoma kama gazeti. Herufi nilikuja kuzijua baadaye sana.

Kulikuwa na ugonjwa mmoja ambao babu aliutaja kwa sauti ya chini, hata pale ambapo wasikilizaji walikuwa ng'ombe watupu. "Huyo anaua kabla hujamaliza kumtazama," alisema. "Wengi wanakuja kumjua ng'ombe ameshakufa. Damu nyeusi, haigandi. Inatoka hata pale ambapo hakuna kidonda. Mwili haukakamai. Ukiona hivyo usishike. Piga kelele."

Mwaka ule kiangazi kilikaa mpaka tukasahau mawingu yana rangi gani. Nyasi zililiwa hadi kwenye mizizi, ng'ombe wakawa wanalamba udongo. Kisha mvua ya kwanza ikanyesha, watu wakaimba kanisani, na asubuhi iliyofuata nikamkuta Mabaka, dume letu kubwa, amesimama peke yake pembeni mwa zizi. Pua kavu. Hacheui. Mapaja yanatetemeka. Sikio lilikuwa la moto hata ungeweza kuchemshia chai.

"Tezi?" babu akauliza.

"Hakuna, babu."

"Angalia tena."

"Hakuna kabisa."

Aliagiza Mabaka abaki nyumbani, asiguswe, bwana mifugo aitwe, kisha mimi na yeye tukawapeleka waliobaki mtoni.

Tukiwa huko, Mabaka akaanguka. Baba mdogo Magesa, mdogo wake baba yangu, akafanya kile ambacho kila mtu wa kwetu angefanya: akakimbilia kisu akamchinja kabla roho haijatoka, asije akawa kibudu. Nani anaacha dume zima lipotee, tena baada ya kiangazi kama kile? Majirani wakaja na mabeseni. Kilichowazuia kuchuna ni desturi moja tu, kwamba nyama haiguswi mpaka mwenye boma aje aonyeshe kila mtu fungu lake. Basi wakamngoja babu, visu vikinolewa juu ya jiwe. Jua lilikuwa utosini tuliporudi.

"Nani amemchinja?"

"Mimi, baba," Magesa akajibu. Mikono ya shati lake ilikuwa imelowa damu. "Alikuwa anakufa."

Babu hakumgombeza. "Mume mwenza. Damu."

Nikachuchumaa. "Nyeusi, babu. Kama oili chafu ya pikipiki."

"Imeganda?"

Damu iliyokaa muda ule ilipaswa kuwa imeshikana kama ini. Nikaigusa kwa kijiti, ikateleza. "Ni maji tu."

"Mguu."

Nikausukuma kwa fimbo yake. Ukaenda, ukarudi, laini kama wa aliyelala. Tumbo lilikuwa limeumuka kama ngoma.

"Shingoni kuna kisu," mzee Masatu, jirani yetu, akadakia. "Damu itakosaje kutoka? Dume lote hili tulizike kwa sababu ya macho ya mtoto anayekojoa kitandani?"

"Anakojoa, lakini anaona," babu akasema. "Mkiani, mume mwenza. Huko hakuna kisu."

Nikazunguka. Watoto wenzangu walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha ghala, wanamtazama Mabaka jinsi watu wanavyotazama harusi. Tulikuwa tumekula ugali na mlenda mpaka mlenda wenyewe ukatuchoka. Mimi pia niliitaka ile nyama, niliitaka mpaka meno yakauma. Nikainama.

"Inatoka," nikasema. "Na puani pia."

Babu akaketi chini, kati ya watu na ng'ombe, fimbo mapajani. "Mwenye kisu aanze na mimi."

Waliondoka wakisema uzee umemfanya mchoyo. Bwana mifugo alifika alasiri kwa pikipiki, akavaa glavu, akachukua tone la damu sikioni na kusema neno moja: kimeta. Akaagiza shimo lichimbwe palepale, refu kupita mtu mzima, mzoga ufunikwe kwa chokaa, juu yake miiba mbwa wasifukue. Waliobaki wakachanjwa. Shati la Magesa likachomwa.

Baada ya hapo babu akabadilika. Kila asubuhi, kabla hata ya kwenda zizini, alitupanga mstari nje ya nyumba na kutupapasa usoni, shingoni, mikononi. Bibi akacheka: "Mzee, leo unatubariki au unatuuza mnadani?" Mimi nilifurahi kupita kiasi. Babu hakuwa mtu wa kupapasa watu.

Asubuhi moja vidole vyake vikasimama kwenye mkono wa Magesa.

"Hiki nini?"

"Kipele tu, baba. Mdudu."

"Kinauma?"

"Wala. Kiliwasha kidogo, kikaacha."

"Mume mwenza, katikati kina rangi gani?"

"Cheusi, babu. Na mkono umevimba."

Babu angeambiwa kinauma, nadhani angetulia. "Ita pikipiki," akasema. Magesa alichomwa sindano hospitali ya Bunda siku nyingi, akarudi amekonda, na kovu la kina mkononi.

Miaka mingi baadaye nilisoma shule ya jioni mjini Musoma, na mwalimu wa baiolojia akaeleza kwamba kimeta kinaweza kukaa siku kadhaa mwilini mwa mtu bila kujionyesha, na kwamba kidonda chake kwa kawaida hakiumi. Kalamu ikanidondoka. Zile asubuhi babu hakuwa anatubembeleza. Alitupanga kama ng'ombe mlangoni mwa zizi, akawa anatusoma kwa vidole, mmoja mmoja, akitafuta nani kati yetu ameshachukuliwa. Na mimi, mjinga wa Mungu, nikishapapaswa nilikuwa nakimbia kurudi mwisho wa mstari ili nipapaswe tena. Alinijua kwa kunigusa tu, lakini hakunifukuza hata siku moja. Ile mara ya pili alipapasa polepole zaidi.