Laini ya Mama, Jina la Marehemu

Nilikuwa ghalani Kitale, nikipima unyevu wa mahindi, mama aliponipigia kwa simu ya mwanamke aliyeketi karibu naye sokoni.

"Simu yangu imepotea hapa Kamukuywa," alisema. "Nilikuwa nayo nikinunua mboga. Sasa haiko."

"Namba ya siri anaijua nani?"

"Niliiandika kwa kikaratasi. Kiko ndani ya kava."

Kwenye laini ile ndiko alikoweka pesa zake zote za maziwa. Ushirika ulimlipa kwa simu kila mwezi, naye hakuzitoa ila kwa shida ya kweli. Nilienda nyuma ya magunia nikapigia huduma kwa wateja ya kampuni ya simu.

Jambo moja linahitaji kuelezwa. Laini ile haikuwa kwa jina la mama. Ndugu yangu mkubwa ndiye aliyemnunulia, wakati kitambulisho cha mama kilikuwa kimepotea, akaisajili kwa kitambulisho chake. Alisema wataibadilisha baadaye. Kisha akaugua, tukamzika Sirisia, na hakuna aliyekumbuka habari za laini.

"Naongea na mwenye laini?" aliuliza kijana wa huduma.

Nilijua nikisema mwenye laini amekufa, maswali yangekuwa mengi na mwizi angekuwa ameshatoa pesa. Picha ya kitambulisho cha ndugu yangu ilikuwa bado kwenye simu yangu tangu siku za matanga.

"Ndiyo," nikasema. "Ni mimi."

Nikamsomea namba ya kitambulisho na majina yote matatu. Aliuliza pesa za mwisho ziliingia kutoka wapi, nikamwambia ushirika wa maziwa. Akanishukuru kwa jina la ndugu yangu. Alisema laini imefungwa pamoja na akaunti ya pesa, hakuna kitu kimetolewa, na kwamba niende na kitambulisho kwenye duka lao nipewe laini nyingine yenye namba ileile. Nilirudi kwenye mahindi nikiwa na furaha.

Kesho yake nilimkuta mama Bungoma, nje ya duka la kampuni ya simu. Alikuwa amevaa nguo yake ya kanisani. Dada wa kaunta alichukua kitambulisho chake, akaandika namba ya simu, akatazama kompyuta.

"Pole, mama. Laini si yako. Mwenyewe lazima aje na kitambulisho chake."

"Ni mtoto wangu," mama alisema. "Alikufa."

"Lini?"

Mama akamtajia mwaka. Dada yule akasoma tena, polepole. "Lakini hapa imeandikwa mwenye laini alipiga jana mchana. Akathibitishwa."

Mama alinigeukia. Sikuwa nimemweleza nilivyoifunga.

"Ni mimi niliyepiga," nikasema. "Nilitaka kumzuia mwizi."

"Naelewa," alisema yule dada, na nadhani kweli alielewa. Lakini alimwita msimamizi wake. Msimamizi hakutukaripia. Alisema mtu kujifanya mwenye laini ni jambo analolazimika kuripoti, kwa hivyo akaunti itabaki imefungwa mpaka ichunguzwe. Hata uchunguzi ukiisha, pesa zilizo ndani ni mali ya marehemu. Tulete cheti cha kifo, barua ya chifu na hati ya mahakama inayoonyesha nani anasimamia mali yake.

"Si mali yake," mama alisema. "Ng'ombe ni wangu. Ni mimi nakamua."

"Mama, laini inasema ni yake."

Tulikuwa na kibali cha mazishi tu. Cheti chenyewe hatukuwahi kukichukua. Nilikifuatilia mara tatu, nikiomba ruhusa kazini, mpaka nikakipata. Chifu naye alikuwa mwungwana, ila alisema hawezi kuandika uongo. Warithi wa marehemu huanza na mke, na mke yuko hai.

Shemeji yangu aliondoka mwaka uliofuata mazishi. Ameolewa upande wa Mabanga. Yeye na mama hawajasalimiana tangu siku aliyoondoka. Nilienda kumwona peke yangu, nimwombe sahihi yake kwa karatasi za mahakama. Alinipa chai, akanisikiliza hadi mwisho.

"Sikatai," alisema. "Lakini nikiweka sahihi, ni kama nimerudi kwenye ile boma. Mume wangu hatakubali. Na yeye mama mwenyewe, amekutuma?"

Hakuwa amenituma.

Nilipomwambia mama nilikotoka, aliweka ndoo chini. "Siwezi kumwomba huyo ruhusa ya kula jasho langu," alisema. "Wacha zikae."

Nilimsajilia laini mpya kwa kitambulisho chake. Namba ya siri anaiweka kichwani. Kule dukani nilirudi mara moja zaidi. Wakaniambia uchunguzi ulikwisha na sikushtakiwa, na kwamba sasa wanangoja hati ya mahakama. Hatujapeleka. Mama huniuliza habari za kazi na za watoto. Za laini ile haniulizi, nami simtajii.