Barua Isiyosema Ndiyo

Kazi yangu ya kwanza ya kuajiriwa rasmi nusura niipoteze kwa sababu ya adabu. Vijana wengi huniuliza namna ya kujibu barua ya ajira, nami huwaanzishia na kosa langu mwenyewe, maana halikuwa la ujinga.

Kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini, yenye makao makuu Dar es Salaam, ilikuwa inafungua ofisi Tanga. Siku hizo nilikuwa nauza vitambaa dukani Usagara, papo hapo Tanga. Nikaenda kwenye usaili, na Jumatatu iliyofuata nikakuta jibu kwenye barua pepe: nimepewa nafasi ya karani wa nyaraka za forodha. Walitaja tarehe ya kuanza, mshahara kabla ya kodi, miezi mitatu ya majaribio na siku za likizo. Walitaka jibu kabla ya saa sita mchana, Ijumaa.

Baba alikuwa karani wa shamba la mkonge mpaka alipopunguzwa kazi, na tangu hapo nyumbani kwetu hapakuingia mshahara ila vijisenti vyangu vya dukani. Yeye ndiye aliyenitajia maneno ya kujibu. Kwanza salamu, kisha kuwaulizia afya, kisha shukrani ndefu.

"Mbona hatujaandika kwamba nimekubali?" nikamuuliza.

"Usiwe na pupa, mwanangu. Mtu akikukaribisha chakula, unaruka na kusema nakula? Wakiona shukrani watajua."

Nikaituma Jumanne. Nilikuwa na hakika kabisa.

Ijumaa asubuhi, nikiwa na ruhusa ya siku dukani, nikapita kwenye kompyuta za kulipia. Zilikuwa tatu tu, mali ya mama mmoja wa Kihindi aliyezaliwa papa hapa Tanga, mwenye ulimi mkali na moyo mwepesi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo hukwenda dukani, umepata mchumba Ulaya?"

Nikafungua na kusoma. Wameandika kwamba wanashukuru kwa salamu zangu, lakini hawajaona kama nafasi nimeikubali. Wasipopata jibu hadi saa sita, watamwita anayenifuata.

Mama akaja kusimama nyuma yangu, akaomba aione barua niliyotuma. Akaisoma yote.

"Afya umeulizia. Familia zao umeziombea dua. Mungu umemshukuru mara tatu. Sasa kazi unaitaka au huitaki?"

"Si wanajua, mama? Nani atakataa?"

"Wajuaje? Uso wako hawauoni. Wana karatasi tu mbele yao. Haya andika, mie nafunga saa tano na nusu, leo Ijumaa."

Saa nne ilikuwa imepita. Na bado nilikuwa na jambo la pili: mwenye duka alistahili taarifa ya mwezi mzima, na tarehe ya kuanza kazi mpya ilikuwa wiki moja kabla ya mwezi huo kwisha. Niliogopa kulitaja.

"Litaje," akasema mama. "Lakini kubali kwanza. Ukisema nitakuja mkinisogezea tarehe, hujakubali, umeanza kupatana bei. Sema umekubali, halafu omba."

Basi nikaandika. Sentensi ya kwanza: ninaikubali nafasi ya karani wa nyaraka. Nikarudia mshahara, muda wa majaribio na likizo kama walivyoviandika, ili wote tuwe tunazungumzia kitu kimoja. Kisha nikaeleza habari ya taarifa ya mwezi, nikaomba kuanza wiki moja baadaye, na nikaongeza kwamba ikiwa haiwezekani nitazungumza na mwajiri wangu aniruhusu mapema. Mwisho nikauliza nilete nyaraka gani. Salamu nikabakiza moja tu.

Nikatuma, nikakaa. Saa tano na robo jibu likaja. Wamepokea kukubali kwangu, na tarehe mpya wameiandika waziwazi. Ikafuata orodha: vyeti vilivyothibitishwa na wakili, picha nne ndogo, kupimwa afya hospitali, fomu ya mfuko wa pensheni, namba ya akaunti ya benki. Mkataba ungekuja nakala mbili, nisaini zote, moja ibaki kwangu.

Mama akanichapishia kurasa zote, za kwangu na za kwao. "Weka. Kilichoandikwa kinashikika."

Nikazipeleka kwa baba, nikasimama kando wakati anasoma. Akavua miwani.

"Kavu hii," akasema. "Hata hali hukuwajulia."

"Wamejibu, baba."

Akarudi kwenye ukurasa wa orodha, akapitisha kidole mstari kwa mstari, kama alivyokuwa akikagua hati za marobota ya mkonge. Akainuka na kwenda chumbani. Alirudi na bahasha ya vyeti vyangu, kanzu ya Ijumaa tayari mwilini.

"Tukitoka msikitini," akasema, "nakupeleka kwa wakili. Picha utapiga kesho."