Dakti ya Ghorofa ya Tatu

Mwaka ule Durban nzima ilikuwa inapakwa rangi kwa ajili ya Kombe la Dunia, na tajiri mmoja mwenye jengo katikati ya mji akaamua kugeuza ofisi zake za zamani ziwe nyumba za kupanga. Mimi nilikuwa mchoraji wa ramani katika ofisi ndogo iliyopewa kazi hiyo. Kuchora nilijifunza Bukavu kwa Kifaransa, nikaja kuifanya kazi hiyo huku kwa Kiingereza, lakini nikikasirika nakasirika kwa Kiswahili. Na kazi ile ilinikasirisha tangu siku ya kwanza.

Tajiri alitaka mabomba yote yafukiwe ndani ya kuta na kufunikwa vigae. Nilimwomba dakti. Dakti ni chumba chembamba kinachopanda kutoka chini ya jengo hadi juu, mabomba yote yanapita humo, na kila ghorofa ina mlango wake ukumbini ili fundi aingie bila kumsumbua mpangaji. Akaniuliza kwa nini apoteze nafasi ya kupangisha kwa sababu ya mabomba. Sikubishana naye. Nilimpeleka kwenye jengo lake jingine, nikamwonyesha bafu lililovunjwa vigae mara mbili kutafuta tone la maji, na tone lenyewe lilikuwa linatokea kwa jirani. Watu husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nikamwambia, na usipoacha mlango utavunja ukuta. Hakucheka, ila alikubali.

Basi nikaichora, na nakiri niliipenda. Kila ghorofa ilikuwa na stoo ya zamani nyuma ya lifti, nikaigeuza dakti. Mabafu ya nyumba mbili yakapangwa mgongo kwa mgongo, dakti katikati yao. Bomba nene la maji machafu lilisimama ukutani kwa nyuma, na karibu na sakafu lilikuwa na kifuniko cha kuzibulia, kile kinachofunguliwa kwa spana. Bomba la maji safi lilikuwa upande wa mlango, na koki ya kila nyumba mahali ambapo mkono unafika upesi. Nyaya za umeme nilizipa kabati lake ng'ambo ya ukumbi, maana maji na umeme havilali kitanda kimoja. Sakafu ya dakti kila ghorofa tuliimwagia zege na kuziba pembeni mwa mabomba, moto ukitokea chini moshi usipande. Mlangoni nikaweka kizingiti kirefu kidogo, ili bomba likivuja maji yabaki ndani yasimwagike ukumbini. Kilichobaki mbele ya mabomba kilimtosha fundi kupiga magoti na kugeuka na vifaa vyake. Nilijiona nimemaliza.

Miaka ikapita. Asubuhi moja ya mvua simu ikaja ofisini kutoka kwa mlinzi wa lile jengo, Mkongo mwenzangu. Maji machafu yalikuwa yanapanda kwenye shawa ya nyumba moja ghorofa ya tatu, na humo alikuwamo mama aliyetoka hospitali kujifungua. Fundi bomba ameshafika, akasema, na atavunja ukuta wa bafu kwa sababu ufunguo wa dakti umepotea. Niliacha chai yangu mezani.

Nilimkuta fundi, Mtanzania mmoja mpole, ameshika nyundo na patasi. Mlinzi alisimama mbele ya mlango wa dakti kama mtu anayezuia upepo.

"Acha tu avunje, papa," akaniambia. "Iko kazi ndogo."

"Ukuta huo hauvunjwi. Mlango ninao."

"Ufunguo ulipotea."

Nilimsogeza, nikausukuma mlango. Ulikuwa umefungwa kwa ndani. Mimi niliyeuchora mlango ule sikuwahi kuupa komeo la ndani, kwa sababu hakuna anayejifungia na mabomba. Nikagonga kwa ngumi. Kimya. Nikagonga tena, nikasikia mtoto anakohoa.

"Eish," alisema mlinzi, akaangalia chini.

Aliyefungua alikuwa mwanamke wa Kirundi, kitenge kifuani, macho mekundu ya mtu asiyelala. Nyuma yake godoro lilikuwa limejaa sakafu yangu kutoka ukuta hadi ukuta, ncha yake imekunjwa kupisha bomba. Nguo ndogo zilikuwa zimetundikwa kwenye bomba la maji safi. Pembeni palikuwa na mfuko wa rasta, zile nywele za kusukia, na ndoo yenye kifuniko. Juu ya godoro alilala binti wa miaka mitatu hivi, anatoka jasho.

"Papa, mtoto iko na homa," alisema taratibu. "Mungoje kidogo aamke."

Nilimuuliza amekaa humo tangu lini. Alinijibu kitu kingine. Anasuka watu karibu na soko la Warwick, akasema, na mumewe alienda Johannesburg kutafuta kazi, simu yake haiingii. Mwanzo alipanga kitanda kwenye nyumba ya mapazia, kila familia na pazia lake.

"Ile nyumba, usiku watu wanakosea pazia," alisema. "Hapa mlango unafunga."

Mlinzi ndiye aliyempa ufunguo. Kwa huruma au kwa kitu kingine, sikuuliza.

Nilikuwa nimekuja na hasira nyingi na ghafla sikujua nizipeleke wapi. Kwa upande mmoja wa ukuta kichanga kilikuwa kinalia na mavi yanapanda bafuni kwao. Kwa upande huu mtoto mwingine alikuwa na homa. Fundi alinitazama akinisubiri. Nikamwambia mwanamke kwamba hatuwezi kungoja.

"Basi unisemee kwa bosi, papa," alisema. "Usikubali watufukuze."

Nikasema nitamsemea.

"Dada, toa godoro," fundi alimwambia. "Kifuniko kiko kule chini."

Mwanamke alimbeba mtoto kwanza, kisha mfuko wa rasta. Mlinzi alikuwa ameshapanda juu kugonga milango, kuwaomba wapangaji wasivute maji ya choo hadi waambiwe. Fundi alipoona godoro limekwama kwenye bomba, alilikunja tu kuelekea mlangoni, akapiga magoti mahali palipobaki, akaanza kulegeza nati moja moja. Yalianza kutiririka maji kidogo, meusi. Alisema ni salama, yaliyosimama ndani si mengi, ataingiza fimbo azibue.

Kuna mtu huko juu alivuta choo. Huenda hakusikia, huenda alisikia akaona yeye ni mmoja tu. Tulisikia kabla ya kuona, kishindo kinashuka ndani ya bomba, na kwa kuwa chini palikuwa pameziba, kila kitu kilitokea kwetu. Fundi aliruka. Maji yakajaa dakti yote, yakafika kwenye kizingiti, yakasimama hapo hapo. Ukumbini halikumwagika hata tone. Godoro lilikunywa yote.

Mwanamke alimhamishia mtoto bega la pili.

Fundi alisukuma fimbo zake mpaka bomba likafunguka kwa mngurumo mrefu, na bafuni kwa yule mzazi maji yakashuka. Kilichonasa kwenye ncha ya fimbo kilikuwa ni pampas, zimeshikana. Wapangaji walikuwa wameshajaa ukumbini.

"Ni za mtoto wake huyo," alisema mmoja, akimwonyesha mwanamke kwa kidevu.

Niliwaeleza. Mtoto yule amekwisha acha pampas. Na hata angekuwa anavaa, humu hamna choo. Kinachoingia kwenye bomba hili kinatoka kwenye vyoo vyenu ninyi, hakuna tundu jingine. Nilieleza mara mbili, mara ya pili kwa sauti kubwa.

"Mbona unamtetea sana?" akaniuliza mama mmoja. "Ni shemeji?"

Wakacheka. Kila mmoja wao alifika mji huu bila mahali pa kulala, kama mimi. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini wale walikuwa wanamjua vizuri. Niliwachukia wote kwa muda mfupi, kisha nikachoka.

Mchana tajiri alikuja. Nilianza na la mwanamke, kama nilivyoahidi. Chini karibu na gereji palikuwa na kijistoo chenye dirisha, hakina kazi. Nilimwomba ampangishe yule mama. Akasema hili ni jengo, si kambi ya wakimbizi, na kabla jua halijazama awe ametoka. Nilirudia ombi. Alikuwa ameshageuka kumwambia msaidizi wake alete matofali: dakti zote, ghorofa zote, milango izibwe, asiingie mtu tena.

Hapo nilipaza sauti. Nilimwambia koki moja ikikatika nyuma ya matofali, ataita watu wa nyundo, nao watavunja bafu la huyu na la yule, na maji yatakuwa yamefika chini kabla hawajaiona. Nilimwambia kwamba leo hajavunjiwa kigae hata kimoja kwa sababu pale pana mlango. Nilisema mengi na niliyasema vizuri. Akauliza, basi watu watazuiwaje? Nilitoa kalamu mfukoni, nikageuza kipande cha boksi la vigae, nikamchorea palepale. Toa mlango wa mbao, weka geti la nondo lenye kufuli. Fundi mwenye ufunguo ataingia. Maji yakipasuka ghafla, hata asiye na ufunguo atapitisha mkono afunge koki. Na kwa kuwa ndani kote kunaonekana kutoka ukumbini, hakuna atakayekaa.

Alitazama mchoro. Akasema sawa, hiyo ni akili.

Wiki iliyofuata nilienda kukagua mafundi wa vyuma. Geti la ghorofa ya tatu lilikuwa limekwisha chomelewa na kufungwa, limepakwa rangi ya kijivu. Ndani palikuwa pameoshwa kwa dawa, ila kwenye bomba la maji safi, nyuma ya koki, sweta ndogo ya njano ilikuwa bado imening'inia. Aliyeosha hakuiona au hakujali. Yule Mkongo mwenzangu alikuwa ameshaondolewa, na mlinzi mpya alikuwa hajapewa funguo.

Mwanamke alitokea kwenye ngazi, mtoto mgongoni. Homa ilikuwa imekwisha. Wamepata mahali, alisema, kwa dada mmoja wa kanisani huko Clairwood, wanalala jikoni watu wanapomaliza kupika. Hakuniuliza nilimsemea nini kwa bosi, nami sikumwambia. Alisimama mbele ya geti akalitazama kutoka juu hadi chini.

"Ni wewe ulilichora hili?"

"Ni mimi."

Akapitisha mkono kati ya nondo, ukaingia mpaka begani, ukafika kwenye bomba bila shida yoyote. Akaitoa sweta, akaikung'uta, akamvalisha mtoto.