Fundi Shaba na Amplifaya ya Ukumbi

Jamani, kuna mafundi, halafu kuna Fundi Shaba. Miaka kumi na saba anatengeneza amplifaya na hajawahi kukosea hata siku moja; anayekosea huwa ni umeme, au mteja. Jina la Shaba alijipa mwenyewe. "Alumini ni ya masufuria," husema. Mkewe, fundi mwenzake anayegawana naye meza moja, alishachoka kubishana.

Basi ukumbi wa sherehe ukawa unatafuta fundi wa kudumu. Meneja akamletea amplifaya inayojizima kila ikipata moto: ikivuka mahafali ya Jumamosi bila kuzima, kazi ni yake. Aliitaka kazi hiyo mpaka chakula hakipiti.

Akang'oa hitisinki, lile pande la alumini lenye mapezi linalopoza transista, akafunga bonge la shaba, zito kama tofali, bapa, bila pezi hata moja. Kisha pesti. Ule uji mweupe unaokaa kati ya transista na chuma, yeye aliupaka kama siagi ya bure.

"Baba watoto," mkewe akasema, "shaba inapitisha joto karibu mara mbili ya alumini, sikatai. Lakini likishapita litatokea wapi? Mapezi ndiyo yanalitoa hewani. Na pesti kazi yake kuziba vijinafasi vya hewa tu. Ikiwa nene, unazifunika transista blanketi."

Muziki ulipopigwa dakika kumi, Fundi akalishika bonge. "Gusa! Baridi kabisa!"

"Bonge zito linachelewa kupata moto. Hebu gusa transista."

Hakugusa. Mtu mzima kama yeye afundishwe kugusa?

Jumamosi, hotuba ya mkuu wa chuo ilipofika saa nzima, kinga ya joto ikazima kila kitu. Fundi akawasha; ikazima. Akawasha tena, ikazima tena. Wahitimu wakapiga makofi kwa furaha. Yeye alitamani ardhi ipasuke immeze, mzima mzima na bisibisi yake.

Mkewe akasogea kwenye amplifaya. Alikuwa amekuja na ile alumini kwenye mkoba. Ugonjwa ulikuwa huo tu: pesti yake ya zamani ilikuwa imekauka ikawa unga na mapezi yamejaa vumbi, naye nyumbani alishaisafisha. Akazifuta transista kwa spiriti, akapaka utando mwembamba, akakaza skrubu, akasimamisha mapezi wima hewa ipite. Mkuu wa chuo akaanza hotuba upya, na kwa bahati mbaya ya watu wote, haikukatika hata mara moja.

Meneja akamjia Fundi. "Nipe namba ya simu."

Fundi, uso ukimchangamka, akaanza kutaja yake.

"Siyo hiyo. Ya mama."

Ikabidi atoe simu aitafute, maana hakuwahi kuikariri. Alikuwa ameihifadhi kwa jina la "Msaidizi", na meneja alikuwa anachungulia.