Minza na Siku ya Watu Wachache

Ukitaka kumpata Minza kanisani, nenda misa ya kwanza, ile ya alfajiri, utamkuta benchi la nyuma kabisa karibu na mlango. Gulioni hufika wauzaji wakiwa bado wanatandika maturubai. Zahanati huenda alasiri, wagonjwa wa asubuhi wakishaondoka. Hata msibani hukaa pembeni, mgongo wake ukiwa kwenye njia ya kutokea. Watu wa kijiji chake, Mbwemkuru, walipomzoea waliacha kumshangaa. Walisema, yule mama Msukuma ana maringo. Wengine walisema ni tabia ya wafugaji, wamezoea kuishi na ng'ombe porini.

Ukweli aliujua mwanawe, Shilinde, na jirani yake mmoja, Sikudhani. Zamani, kabla ya kuhamia huku kusini na mifugo, Minza alipanda boti ya kwenda gulioni kisiwani, huko ziwani alikozaliwa. Alikuwa amemshika mkono mdogo wake, aliyeitwa Bertha. Boti ilipokaribia nchi kavu, watu wote walisimama na mizigo yao, wakaenda upande wa gati, kila mmoja akitaka awe wa kwanza kushuka. Boti ililala ubavu kama ng'ombe anayejilaza. Minza alitoka majini akiwa hai. Mkono wake ulitoka mtupu.

Tangu hapo hakuogopa maji wala giza. Aliogopa watu wakiwa wengi mahali pamoja, wakitazama upande mmoja.

Shilinde alipopata binti alimpa jina la Bertha ili kumtuliza mama yake. Sijui kama lilimtuliza. Minza alimlea yule mtoto kama mtu anayebeba maji kwa viganja.

Sasa, upande wa Nachingwea, nje kidogo ya mji, kuna bwawa wanaloliita Chikwale. Mmiliki wake amejenga jukwaa refu la mbao linaloingia juu ya maji, na chini yake wanakaa viboko. Watu hulipa kiingilio, wanasimama kwenye jukwaa, wanapiga picha, kisha wanakula mihogo ya kukaanga na nyama choma. Mtoto wa jirani alikwenda akarudi na habari kwamba kiboko akipiga miayo unaweza kuingiza baiskeli kinywani mwake. Bertha, ambaye alikuwa hajaanza shule, hakulala tena kwa amani. Kila asubuhi swali lilikuwa moja: "Bibi, lini tunakwenda kwa viboko?"

Shilinde alisema atampeleka Jumatatu ya Pasaka.

"Sikukuu?" Minza aliweka chini kibuyu cha maziwa. "Unataka kumpeleka mwanangu siku ambayo Ruangwa yote na Nachingwea yote wako pale?"

"Mama, ndiyo siku yenye raha. Kuna muziki."

"Hapana."

"Basi Jumapili ya kawaida."

"Hapana."

Shilinde hakuwa mtu wa kugombana na mama yake. Alivua kofia, akaikunja, akasema kwa upole, "Basi siku uchague wewe, mama. Na umpeleke wewe. Lakini mtoto aende. Hatuwezi kumfungia ndani maisha yake yote kwa sababu ya boti."

Maneno yale yalimchoma, kwa kuwa yalikuwa ya kweli. Usiku hakupata usingizi. Asubuhi alikwenda kwa Sikudhani, ambaye mwisho wa juma huchukua karai lake kwenda kukaanga mihogo kwenye lango la Chikwale.

"Jumapili usithubutu," Sikudhani alimwambia, akimenya mihogo. "Mchana baada ya ibada wanamiminika kama siafu. Jumamosi asubuhi kuna nafuu, lakini kuanzia saa sita maharusi wanakuja kupiga picha, kila harusi na basi lake. Na mwisho wa mwezi watu wakishapata mshahara, ndiyo balaa."

"Siku za kazi je?"

"Siku za kazi hakuna mtu. Mimi mwenyewe siendi, nitamuuzia nani?"

Minza akapanga Jumatano, asubuhi na mapema. Kwake asubuhi ndiyo ilikuwa siku zote saa ya watu wachache: gulioni, kisimani, kanisani. Hakuona sababu bwawa liwe tofauti. Shilinde aliwaitia bodaboda hadi Ruangwa, wakapanda gari la Nachingwea, wakashuka njia panda, wakatembea. Bertha alivaa gauni la njano lenye mfuko mbele. Njia nzima Minza alikuwa akisikiliza, na kila alipokosa kusikia kelele alijisifu moyoni.

Walipopinda kona ya mwisho alisimama ghafla.

Mbele ya lango yalikuwa yameegeshwa mabasi ya shule, moja nyuma ya lingine. Wanafunzi walikuwa wamejaa kuanzia langoni hadi kwenye jukwaa, sare za bluu, sare za kijani, sare za zambarau, wote wakipiga kelele kwa pamoja. Walimu walikuwa wakipuliza filimbi. Minza aliukaza mkono wa Bertha.

"Tunarudi," alisema.

"Bibi, tumefika!"

"Tumefika siku mbaya. Tunarudi."

Bertha akaanza kulia, si kwa kelele, machozi tu yakishuka. Mlinzi wa lango, mwanamume wa makamo aliyeitwa Leonard, aliwaona akawasogelea. "Karibu, mama. Mbona mnasimama juani?"

"Niliambiwa siku za kazi hakuna watu."

"Aliyekuambia huja Jumamosi na Jumapili tu," Leonard akacheka. "Siku za kazi asubuhi ni za wanafunzi, mama. Hasa kipindi hiki, shule zikikaribia kufunga. Lakini..."

Minza hakuisikia hiyo lakini. Alikuwa amefungua kitambaa kufuta jasho, na kwa kufanya hivyo alikuwa ameachia mkono wa mtoto. Alipougeukia mkono, haukuwapo.

Gauni la njano lilikuwa tayari ndani ya lango, limejichomeka kwenye mstari wa sare za kijani, linapanda ngazi za jukwaa.

Hakumwita. Alikimbia, akampita Leonard, akapita katikati ya watoto akiwasukuma kwa viwiko, na alipokanyaga ubao wa kwanza, ubao ulitikisika kidogo chini ya mguu wake. Maji yalionekana kwenye nafasi kati ya mbao, ya kijani, yametulia. Aliendelea. Vichwa, vichwa, vichwa. Mbele kabisa aliona njano.

Ndipo kiboko jike akaibuka na mtoto wake mgongoni, upande wa kulia.

"Yule paleee!"

Jukwaa zima lilihamia kulia. Wanafunzi walirundikana kwenye kizuizi, waliokuwa nyuma wakapanda migongo ya waliokuwa mbele, na mbao zikalia. Minza alizisikia. Alisikia sauti ileile ya boti, ya miaka ile.

"Mayu wane!" alimlilia mama yake kwa Kisukuma, kisha akapiga ukelele kwa Kiswahili, "Linazama! Tokeni, linazama!"

Sikia sasa kilichotokea. Jukwaa halikuwa linazama. Lilikuwa limefungwa kwa nguzo nene na lingebeba watoto wale mara mbili. Lakini mtoto akimsikia mtu mzima analia namna ile, hapimi nguzo. Wanafunzi waligeuka wote kwa pamoja wakakimbilia ngazi, na ngazi ilikuwa moja na nyembamba. Mmoja alianguka. Mwingine akamwangukia. Kilio kikapanda. Minza alisukumwa hadi kizuizini, akaona kwa macho yake kile alichokuwa akikikimbia maisha yake yote kinakuja, na safari hii amekiita yeye mwenyewe.

Mwalimu mmoja, kijana aliyeitwa Nicholaus, aliruka mbele ya ngazi akatandaza mikono. "Kaeni chini! Wote! Kaeni hapo hapo mlipo!" Hakupuliza filimbi, hakukimbia. Aliketi yeye kwanza, juu ya ubao. Walio karibu wakaketi. Kisha walio nyuma yao. Ukimya ukaenea kidogo kidogo hadi mwisho wa jukwaa, ambako Minza alimkuta Bertha ameketi. Aliyeanguka aliinuliwa, goti lilikuwa limechubuka na mdomo unatoka damu, basi. Kisha mwalimu akawatoa safu moja baada ya nyingine, wa mwisho akiwa Minza, aliyemshika Bertha kwenye gauni kwa mikono yote miwili hata kitambaa kikaachia mshono begani.

Chini, Nicholaus alimjia. Uso wake ulikuwa umepauka. "Mama, ungeniulia watoto."

"Najua, mwalimu."

"Hakukuwa na kitu. Umeona nini?"

Minza alitaka kumweleza. Neno lililotoka lilikuwa moja tu, "boti." Hasira ikampungua mwalimu. Akasema, "Haya, kaa kivulini," akaenda kuwahesabu wanafunzi wake.

Leonard aliwaletea maji. "Nilikuwa nataka kumalizia," alisema. "Shule huja saa tatu, na saa sita wanaondoka, maana wana njia ndefu na walimu hawataki giza liwakute barabarani. Subirini. Kuanzia saa nane hapa mtabaki na ndege tu. Na viboko saa hizo za jua kali wamelala. Jua likilegea ndipo wanaanza kupiga miayo."

"Jukwaa lako limewahi kuvunjika?" Minza aliuliza.

"Halijawahi, mama."

"Hata boti yetu ilikuwa haijawahi kuzama."

Leonard akaenda kuyafungulia mabasi njia.

Yaliondoka moja moja, vumbi likatulia. Bertha alilala mapajani mwake. Minza hakuondoka, kwa kuwa miguu ilikataa, na kwa kuwa alimwonea aibu Shilinde. Alasiri mtoto alipoamka, bwawa lilikuwa tupu. Mzee mmoja na mkewe walikuwa wakitoka.

"Bibi, sasa?"

Walipanda. Leonard alikuja nao bila kuombwa, akatangulia mbele. Hata bila watu Minza alikanyaga kila ubao kama anayekanyaga yai, na katikati alisimama akafumba macho. Ukimya nao ulikuwa unatisha. Kwenye kelele angalau hakuweza kuyasikia maji.

Kiboko mmoja akatoa kichwa, akafungua kinywa taratibu, chekundu, kipana, chenye meno kama visiki.

"Baiskeli haiingii," Bertha akasema kwa masikitiko. Kisha akacheka.

Minza alifumbua macho kwa ajili ya kicheko kile. Alimwona kiboko, akamwona mtoto, akageuka kutazama ngazi ilipo.

Hivi sasa, mtu wa Mbwemkuru akitaka kwenda Chikwale kwa utulivu, humwuliza yeye. Naye hujibu bila kusita: si mwisho wa juma, si sikukuu, si mwisho wa mwezi; siku ya kazi, tena baada ya saa nane. Bertha ataanza shule mwakani, na shule atakayosoma, kila mwaka kabla ya kufunga, huwapeleka watoto bwawani asubuhi. Shilinde amekwisha kusema atamruhusu. Majirani wanamwona Minza siku hizi akisimama njiani kila basi la wanafunzi linapopita, akilitazama hadi linapopotea.