Majina Matano ya Midoli

Kwenye karakana ya midoli walimwita Fundi Uso, kwa sababu nyuso zote zilipita mikononi mwake. Wengine walikata vitambaa, wengine walijaza pamba, yeye akatia macho, nyusi na mdomo kwa uzi. Mdomo aliuacha mwisho kila mara. Alisema mdoli ukitiwa mdomo mapema unaanza kukutazama kama una neno, na kazi haiendi.

Mambo ya midomo hakuyaanzia hapo. Ujana wake wote aliumalizia kwenye kiwanda cha nguo, yeye na dada yake mkubwa, katika ukumbi wa mitambo ya kufuma ambamo kelele ilikuwa haina mwanya hata wa kupenyeza jina. Humo ndani watu walizungumza kwa kutazamana. Walisengenyana, walichekeshana, waliposana, bila sauti yoyote kusikika. Kiwanda kilipofungwa, Fundi Uso alitoka na sikio la kushoto lililokufa ganzi na mazoea ya kumwangalia mtu mdomoni anapozungumza. Wasiomjua walidhani ana dharau. Wanaomjua walijifunza kutosema siri mbele yake, hata wakiwa ng'ambo ya barabara.

Mwaka huo mwenye karakana, mama mmoja mchapakazi waliyemwita Bosi, aliamua kuachana na midoli isiyo na majina. Alitaka familia ya mabinti watano, kila mmoja na gauni lake, sura yake na jina lake kwenye boksi. Walengwa ni watoto wa miaka miwili hadi minne. Majina aliyachagua mwenyewe, akayaandika kwenye karatasi na kuibandika ukutani: Thuraya, Ghanima, Dhahabu, Marashi na Chiriku.

"Yana hadhi," alisema. "Mzazi akiyasoma tu, mkono unaenda mfukoni wenyewe."

Mafundi wakayasifu, maana karatasi ya Bosi haikosolewi. Fundi Uso alisogea karibu na ukuta. Aliyasoma yale majina, akayatamka bila sauti, na akashangaa jinsi midomo yake ilivyokuwa na kazi ndogo. Ulimi ndio uliohangaika ndani kwa ndani.

Wiki hiyo akatumwa kupeleka midoli mitano ya mfano kwenye kituo cha kulelea watoto, nyuma ya soko, ili watoto waivute, waiburute na waitafune, ionekane kama mishono inahimili. Hilo tu ndilo aliloagizwa. Lakini mlezi wa kituo, dada mmoja mcheshi mwenye leso ya kufutia pua kila mfukoni, alitaka kujua wanaitwaje.

"Huyu Thuraya," Fundi Uso akamwambia binti mmoja mdogo aliyekaa mkekani, ambaye mashavu yake yalimpa jina la Mashavu. "Hebu sema. Thuraya."

Mashavu alimkodolea macho. Hakuangalia mdoli. Aliangalia mdomo wa Fundi Uso, kwa makini yaleyale ambayo Fundi Uso alikuwa akiangalia wa kwake.

"Aya," akasema Mashavu.

"Na huyu, Ghanima?"

"Nima."

Fundi Uso aliomba kipande cha karatasi. Asubuhi ile yote hakuondoka. Alikaa kwenye kigoda kidogo, magoti yakiwa karibu na kidevu, akamwuliza kila mtoto majina yote matano na kuandika kilichotoka, si alichotarajia. Marashi akawa Lasi. Chiriku akawa Tiku kwa mmoja na Liku kwa mwingine. Dhahabu, kwa watoto sita kati ya tisa, akawa Babu.

Jioni alimsomea dada yake ile karatasi. Dada mtu alikuwa akichambua mchele, akasikiliza mpaka mwisho.

"Wanakosea," akasema.

"Wanakosea, lakini wanakosea kwa mpango. Tazama. Jina likiwa refu, wanatupa kichwa wanabaki na mkia. Ghanima, Nima. Thuraya, Aya. Na ule mkia ndio tunaoukazia sisi wenyewe tunapotamka. Halafu hakuna hata mmoja aliyeweza 'th' wala 'gh'. 'R' wanaifanya 'l' au wanaiacha kabisa. Lakini 'm', 'b', 'n', hakuna aliyeshindwa."

Dada yake alitamka bila sauti, kama zamani: mama, baba. Kisha: ghala. Fundi Uso aliyaona yale mawili ya kwanza vizuri. La tatu lilijificha kooni, asingelijua kama hakukisia.

"Wanaanza na yale wanayoyaona," akasema dada mtu.

"Labda. Sijui. Lakini nataka kujua."

Kumweleza Bosi kulikuwa shughuli nyingine. Bosi aliisoma karatasi akiwa amesimama, kalamu sikioni.

"Fundi, nilikutuma kupima mishono."

"Mishono iko salama, Bosi. Majina ndiyo yanayofumuka."

"Mtoto atakua. Atajifunza kusema Thuraya."

"Atajifunza, ndiyo. Lakini atakapojifunza atakuwa ameshaacha kucheza na midoli."

Bosi alitazama kalenda. Mtu wa uchapaji alikuwa amempa siku kumi za kupeleka maneno ya boksi, na siku tatu zilishakwenda. Mwishowe alichukua mkoba wake. "Twende nikaone kwa macho yangu. Nisije nikabadilisha biashara nzima kwa sababu ya mtoto mmoja mwenye makamasi."

Walifika wakati wa watoto kuchukuliwa. Mlangoni palikuwa na msururu wa wazazi, na mzee mmoja mwenye fimbo aliyekuja kumchukua mjukuu wake, naye ni yule Mashavu. Mashavu alikuwa amekaa chini, hataki kwenda popote. Alikuwa akinyoosha kidole kwenye rafu ya juu, ambako mlezi alikuwa ameiweka midoli.

"Babu," akasema.

"Niko hapa, mjukuu wangu," mzee akajibu.

"Babu!"

"Si ndiyo nimekuja? Inuka twende."

Mashavu alitikisa kichwa. Machozi yalianza kujaa. Alisema tena, polepole, kama mtu anayemwelewesha mgeni: Babu. Yule mzee akainama kwa taabu, akapiga goti mbele yake na kufungua mikono. Hapo Mashavu akaangua kilio. Mlezi alijaribu kumpa kikombe, akampa kiatu, akampa pipi. Fundi Uso ndiye aliyekwenda kwenye rafu, akamtoa Dhahabu mwenye gauni la manjano, akamweka mapajani mwa mtoto. Kilio kikakatika kama bomba lililofungwa.

"Kumbe mimi sikuwa nahitajika," mzee akasema, akijikung'uta magoti. Wazazi wakacheka.

Bosi hakucheka. Alikaa kwenye kile kigoda kidogo akamtazama Mashavu kwa muda mrefu. Walipokuwa njiani kurudi ndipo aliposema, "Jina analisema, lakini mtu wake halielewi. Hilo ni baya kuliko kutosema kabisa."

"Ndiyo, Bosi."

"Basi tengeneza mengine. Una siku tano."

Fundi Uso alidhani itakuwa rahisi. Usiwape sauti wasizoziweza, usizidishe silabi mbili, kila silabi iishie kwa irabu, basi. Akaandika majina kumi akiwa anatia nyusi. Kesho yake akaenda nayo kituoni, na majina yakaanza kumponyoka moja baada ya jingine.

Mimi lilisemeka kuliko yote. Lakini mtoto alipoulizwa "Nani anamtaka Mimi?" chumba kizima kilijibu "Mimi," na vita vikazuka. Keti lilimfanya kila aliyelisikia akae chini. Tata na Tete waliyasema vizuri, ila hawakukumbuka nani ni nani, hata Fundi Uso mwenyewe akachanganya. Alikuwa na matumaini makubwa na Tupi. Watoto walilipokea kwa furaha isiyo ya kawaida, wakalirudia wakipiga makofi, na mmoja akavua suruali.

Mlezi alishika ubavu kwa kicheko. "Dada yangu, hawa bado hawajaweza 'ch'. Wanapotaka kubadilishwa nguo za ndani, wewe unafikiri wanasemaje?"

Fundi Uso alilifuta Tupi kwa mistari miwili.

Siku ya nne alikuwa amebakiwa na Nima, ambalo watoto wenyewe walilitengeneza, na Bido, Pemi na Kewa. La tano lilikuwa Teto, na alikuwa amelipenda. Lakini kulikuwa na mvulana mmoja, Kitovu, aliyegeuza kila 'k' kuwa 't'. Kwake kalamu ilikuwa talamu. Kewa kwake likawa Tewa, na Tewa alipolisema haraka lilifanana na Teto kiasi kwamba mlezi alimpa mdoli mwingine, naye akautupa ukutani. Fundi Uso aliokota mdoli, akatafakari. Jina lisitazamwe linapokuwa zima tu. Likivunjika, vipande vyake visigonge jina jingine, wala visiangukie neno la matusi au la jamaa wa nyumbani.

Akampa Kitovu jina jingine: "Tunu." Kitovu alisema Tunu. Mashavu alisema Tunu. Wote tisa walisema Tunu, na hakuna aliyekaa, aliyevua wala aliyegombana. Ndipo akamwita mama mmoja aliyefika mapema na kumwomba asimame dirishani, asione midoli. Watoto walitaja, mama akarudia alichosikia. Majina matano, watoto tisa. Mama alikosea mara mbili tu, na mara moja ilikuwa kwa sababu Mashavu alikuwa na mkate mdomoni.

Bosi aliyasoma majina mapya akakunja uso. "Bido. Bido maana yake nini?"

"Haina maana. Ndiyo uzuri wake, haigombani na neno lolote."

"Na Tunu?"

"Hiyo ina maana."

"Naijua maana yake," Bosi akasema, sura ikalegea. Aliibandua karatasi yake ukutani mwenyewe, akaikunja vizuri badala ya kuitupa, na alasiri hiyo majina yakaenda kwa mtu wa uchapaji.

Maboksi yalirudi siku ya pili ya mvua. Midoli iliuzika, si kwa kishindo, lakini maduka yaliagiza tena, na muuza duka mmoja alisimulia kwamba watoto wanaomba kwa jina, wengine wakiwa bado mgongoni. Bosi alimwongezea Fundi Uso kazi bila kuipa cheo: kila Jumatano asubuhi awe kituoni na daftari.

Anakwenda huko mwaka wa pili sasa. Dada yake humsubiri nyumbani kusikia mapya, na kila wiki yapo. Wiki iliyopita alikuwa na Kitovu, wakifunua kitabu cha picha. Kitovu alimwonyesha chura.

"Tula," akasema.

Fundi Uso, kwa kumpendeza, akamwitikia vilevile. "Ee, tula."

Kitovu alimtazama kwa masikitiko. "Siyo tula," akasema, akigonga picha kwa kidole. "Tula."

Fundi Uso alifungua daftari akaandika. Kumbe masikio yake yanaijua 'ch', akaandika, na mdomo wake haumletei. Au anadhani ameshaisema? Alimsogelea Kitovu, akaukaribia mdomo wake, na kumwomba aseme tena.